Dola, umeme na supplaya: sehemu ya hatari ya andiko la mkopo, kwa mfano wa mama yogati wa Makorora

Mama mmoja anayetengeneza yogati pale Makorora, hapa Tanga mjini, aliniletea andiko lake la biashara baada ya kurudishiwa na wale aliowaomba mkopo. Kurasa kumi na nne, picha za vikombe, hesabu za mauzo, kila kitu kimekaa vizuri, ila kwenye sehemu ya hatari kulikuwa na mistari miwili tu: "Biashara inaweza kuathirika na mabadiliko ya dola, kukatika kwa umeme na wauzaji kushindwa kuleta malighafi. Tutakabiliana na changamoto hizo kwa umakini." Afisa mkopo alilizungushia kalamu nyekundu lile neno umakini halafu pembeni akaandika "kivipi?" Basi, hakuandika kingine.

Mama yogati (ndivyo anavyoitwa mtaani na mwenyewe hana neno) sio kwamba alikuwa mvivu. Alidhani hiyo sehemu ni ya kujishtaki mwenyewe, kwamba ukieleza sana shida zako watakunyima hela. Lakini yule afisa anakaa Tanga hii hii, umeme ukikatika na kwake unakatika, hahitaji kuambiwa kwamba umeme hukatika. Anachotafuta ni kama wewe umeshapiga hesabu hiyo siku ikifika itakula shilingi ngapi, utaishtukiaje mapema, utafanya nini, na hela ya kufanya hivyo inatoka wapi. Andiko lisilo na hizo hesabu linamwambia kwamba siku ya shida utampigia simu yeye.

Kwa hiyo tulianza na daftari la mauzo, tukaiacha ile sehemu ya hatari pembeni kwanza, maana huwezi kusema kitu ni hatari kubwa au ndogo kama hujui siku ya kawaida inaingiza nini.

Siku ya kawaida ananunua lita 150 za maziwa kwa shilingi 1,300 lita, hiyo ni 195,000. Zinatoka vikombe 580 vya robo lita baada ya kutoa vinavyomwagika na vya kuonja. Vikombe na vifuniko vyake 87,000, sukari 27,000, kimea (ile pakiti ya bakteria wa kugandisha, inatoka nje) 18,000. Hivyo vyote vinapanda na kushuka kulingana na lita. Halafu kuna vya kila siku, upike usipike: gesi na umeme 20,000, vibarua na usafiri 60,000, pango 10,000. Anauzia maduka kikombe shilingi 900, inaingia 522,000. Ukitoa vyote anabaki na 105,000. Marejesho ya mkopo wa milioni 18 anaouomba ni karibu milioni moja kwa mwezi, ukigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 38,000 kwa siku, kwa hiyo mkononi inabaki 67,000.

Sasa twende polepole kidogo hapa maana ndo penyewe. Kila lita moja inaingiza 3,480 na inakula 2,180 ya maziwa, kikombe, sukari na kimea, kwa hiyo inaacha 1,300. Vya kila siku pamoja na marejesho ni 128,000. Gawa 128,000 kwa 1,300 unapata lita 98 na ushee. Yaani siku akipika chini ya lita 100 hivi anaanza kulipa mkopo kwa hela ya mfukoni. Hiyo namba moja, lita 100, ndo tuliyoitumia kupimia kila hatari iliyofuata, na nakushauri uitafute ya kwako kabla hujaandika sentensi hata moja.

Tukaanza na dola kwa sababu ndo iliyokuwa inamtisha kuliko zote, na kumbe ndo iliyokuwa ndogo, ila ina mwiba mmoja.

Historia yake tunaijua wote. Miaka ya 2021 na 2022 dola ilituama kwenye 2,300 na kitu, watu wakasahau kama huwa inatembea. 2023 dola zikaadimika benki na bei ikapita 2,500, 2024 ikaenda mpaka kwenye 2,700, mwezi wa Desemba mwaka huo huo ikashuka ghafla kwenye 2,400, kufika katikati ya 2025 imerudi karibu na 2,700, halafu ikashuka tena chini ya 2,500. Kwa hiyo mtu anayeandika "dola itapanda" anakuwa ameangalia upande mmoja. Inapanda na inashuka, na mara nyingi nusu ya kwanza ya mwaka shilingi huwa dhaifu, halafu nusu ya pili inapata nguvu watalii wakija na mazao ya biashara yakiuzwa nje. Aliyejaza stoo vitu vya nje kwa bei ya juu kwa woga, mwezi uliofuata anashindana na jirani aliyenunua kwa bei ya chini.

Ukichukua gharama zake za kila siku, dola imejificha sehemu mbili. Kimea ni dola tupu. Vikombe vinatengenezwa nchini lakini plastiki ghafi inatoka nje, tukakadiria nusu ya bei yake inafuata dola. Dola ikipanda asilimia 10, kimea cha mwezi kinaongezeka kama 47,000 na vikombe kama 113,000, jumla 160,000 kwa mwezi. Anabakiza milioni 2.7 kwa mwezi kabla ya marejesho, kwa hiyo itauma ila haitaua. Hapo dawa yake ni nyepesi: kikombe kikipanda shilingi 20 pengo linazibika, maana vikombe 580 mara 20 ni 11,600 kwa siku, karibu mara mbili ya pengo lenyewe. Tatizo ni kwamba maduka yanapenda bei za kuishia na hamsini au mia, 920 hakuna mtu ataielewa, kwa hiyo tuliandika kwamba atavumilia mpaka dola ipande asilimia 10 na ikae hapo miezi miwili mfululizo, ndipo apandishe bei ya jumla kwenda 950.

Mwiba wenyewe uko kwenye mashine. Sehemu ya mkopo ni ya kuagiza kutoka China tanki la kupashia maziwa lenye kuta mbili na mashine ya kubana vifuniko, vyote pamoja dola 4,000. Andiko la kwanza liliandika "shilingi 9,800,000" bila kusema ni dola ngapi wala ilipigwa kwa bei gani. Ilipigwa kwa 2,450. Ikifika 2,700 mashine hiyo hiyo ni 10,800,000. Milioni nzima imetokea hewani, na milioni ni marejesho ya mwezi mmoja. Tena sio bei ya mashine peke yake, kodi za bandarini zinapigwa kwenye thamani iliyogeuzwa kuwa shilingi, kwa hiyo nazo zinapanda pamoja nayo.

Wachina wengi wanataka asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kusafirisha, na katikati hapo kuna siku 30 mpaka 45 za kutengeneza. Watu hulipa ile 30, halafu shilingi zilizobaki zinakaa kwenye akaunti zikisubiri, ndo zinapoliwa. Kwake hiyo 70 ni dola 2,800, na ikiruka kutoka 2,450 kwenda 2,700 ni pengo la 700,000. Njia tuliyoandika ni hii: siku mkopo unapoingia, dola zote 4,000 zinanunuliwa siku hiyo hiyo, 1,200 zinaenda China na 2,800 zinakaa kwenye akaunti yake ya dola mpaka mashine iwe tayari. Akaniuliza, je ikishuka? Ikishuka mpaka 2,400 atakuwa amepoteza 140,000 ambazo angeokoa kwa kusubiri. Nikamwambia hiyo iite bei ya kulala usingizi, na tukaiandika vilevile kwenye andiko, kwamba tunakubali kukosa 140,000 ili tusipoteze 700,000. Na kwa ile miezi ya katikati, kati ya kuomba na kupewa, ambapo hana shilingi za kununulia chochote, tuliweka akiba ya asilimia 10 ya bei ya mashine ndani ya bajeti, 980,000, na kueleza kwamba isipotumika inapunguza deni.

Kuna kitu kimoja watu bado wanakosea. Kama mashine unainunua kwa muuzaji wa hapa nchini, hata kama ilitoka nje, kanuni zilizotoka mwishoni mwa Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa dola. Kwa hiyo anatakiwa akupe ankara ya profoma ya shilingi, na wewe kazi yako ni kuangalia pale chini imeandikwa inadumu siku ngapi. Ikiwa ni siku saba na mkopo unatoka baada ya miezi miwili, hiyo bei kwenye andiko lako haina maana.

Umeme sasa. Hapa nilimuuliza swali moja, mwezi uliopita ulikatika mara ngapi? Akasema "mara nyingi sana, we acha tu." Tukatundika kalenda ukutani na kalamu ya kamba, kila ukikatika anaandika saa ya kukatika na saa ya kurudi. Siku 61 baadaye kalenda ilionyesha mara 14, tisa kati ya hizo chini ya masaa mawili, nne kati ya mawili na sita, na moja ya masaa 11. Halafu kulikuwa na alama nyingine tatu ambazo mwanae alikuwa ameandika kwa uaminifu kabisa, "LUKU imeisha." Nilicheka, lakini hiyo nayo iliingia kwenye andiko, maana friji haijui tofauti ya gridi na LUKU, na dawa yake ni kununua yuniti kila Jumatatu bila kusubiri mita ipige kelele.

Kalenda inakuonyesha hali ya kawaida, haikuonyeshi ile siku mbaya yenyewe. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilianguka na karibu nchi nzima ikaamkia giza, hata mwenye laini nzuri mtaani kwake hakupona. Kwa hiyo tulipanga kwa masaa sita ya kawaida na tukaandika kando nini kitatokea likizidi.

Halafu tukafuata kikombe saa kwa saa, na hapa ndo nilipomuona amestuka. Maziwa yanafika saa moja asubuhi, yanapashwa kwa gesi mpaka nyuzi 85 na kushikiliwa hapo nusu saa, yanapozwa kwenye maji ya kawaida mpaka nyuzi 43, kimea kinaingia, yanamiminwa vikombeni, vikombe vinakaa kwenye boksi lenye maboya ndani masaa manne mpaka sita yakigandia kwa joto lake yenyewe. Umeme ukikatika saa nne asubuhi hakuna kinachoharibika, hakuna kitu hapo kinachotumia umeme zaidi ya feni. Hatari yote iko kuanzia saa tisa alasiri yogati ikishaganda, mpaka kama saa tatu usiku inapokuwa imeshapoa. Yogati iliyoganda isipopozwa haisimami, bakteria wanaendelea kula sukari ya maziwa na kutoa asidi, inakuwa kali, inatoa maji juu, na duka linakurudishia kreti nzima. Kundi zima likiharibika gharama zake ni 417,000 bila kuhesabu faida. Kumbe hakuhitaji kulinda masaa 24, anahitaji kulinda masaa sita.

Kwa masaa sita jenereta sio kitu cha kwanza. Kitu cha kwanza ni barafu, na hesabu yake sio siri. Kushusha lita 150 kutoka nyuzi 43 mpaka nyuzi 10 unatakiwa utoe joto ambalo kilo 60 za barafu zitalimeza zikiyeyuka. Weka na joto linaloingia kutoka hewani na kwenye beseni lenyewe, chukua kilo 70. Kwa hiyo yale machupa ya maji ya lita moja na nusu anayookota kwenye harusi, 50 yakijazwa lita 1.4 kila moja (usijaze mpaka shingoni, maji yakiganda yanavimba na chupa inapasuka), yakagandishwa kwenye friza la kulala, yanampa kilo 70. Saa tisa umeme hakuna, chupa zinaingia kwenye mapipa mawili ya maji, kreti za vikombe zinasimamishwa ndani maji yakifika chini ya kifuniko, na mtu mmoja anayasukasuka maji kila robo saa. Hewa baridi ya friji haipozi haraka kama maji, kwa hiyo siku nyingine alikuwa anafanya hivyo hata umeme ukiwepo. Barafu ya wavuvi ya kule Dipsii ingefaa pia kwa dharura, ila inakaa nje ya kikombe tu, na mapipa yaoshwe baadaye yasije yakanuka samaki, wateja wa yogati hawasamehe hiyo.

Udhaifu wa chupa ni kwamba zikishatumika zinahitaji siku mbili tatu kuganda tena zote, friza dogo halina nguvu ya kugandisha kilo 70 kwa usiku mmoja. Umeme ukikatika alasiri ya leo na ya kesho, kesho hana kitu. Hapo ndo jenereta dogo la petroli linapoingia, kama mstari wa pili, na kwa masaa sita linakunywa petroli ya kama 18,000. Ukiliweka mbele ya 417,000 halihitaji mjadala. Ila kuna kosa la kununua jenereta kwa kusoma wati zilizoandikwa kwenye friji. Kompresa ikiwaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, friza la wati 300 linaweza kulizima jenereta la wati 800 kwenye sekunde ya kwanza. Tuliandika la wati 2,500 na sheria ya kuwasha moja moja, friza likishatulia ndo unawasha friji. Na umeme wa gridi ukirudi, plagi zote ziwe zimetolewa, subiri dakika kumi, kwa sababu unarudi na kishindo, na kompresa mbili za majirani zake zimekufa kwa kurudi kwa umeme na sio kwa kukatika. Kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha kuwaka dakika tatu mpaka tano kinafanya kazi hiyo usiku mkiwa mmelala.

Kama kuna tangazo la matengenezo ya laini kesho kuanzia mchana, kundi la kesho linapikwa nusu au halipikwi, na wafugaji wanaambiwa leo jioni. Na hapo ndo tunaingia kwa supplaya.

Mama yogati alikuwa na wafugaji wawili, mmoja wa Pongwe na mmoja wa njia ya Muheza, kila mmoja lita 75. Aliniambia kwa kujiamini, "Ninao wawili, mmoja akikwama mwingine yupo." Rudi kwenye ile namba yetu. Mmoja akikwama anabaki na lita 75, mara 1,300 ni 97,500, na vya kila siku pamoja na marejesho ni 128,000, kwa hiyo kila siku anayokosekana mmoja anapoteza 30,500. Wiki moja ya kazi ni 183,000. Wawili hawakuwa ulinzi. Wakiwa watatu kila mmoja lita 50, akikwama mmoja anabaki na lita 100, yaani pale pale kwenye mstari, hapati hapotezi, anaweza kuvumilia hata mwezi akitafuta mwingine. Ndo maana andiko likasema watatu, na hakuna anayezidi theluthi moja, na wasikae njia moja, kwa sababu masika barabara ya vumbi ikikatika inakatika kwa wote wa upande huo.

Nikauliza na kwa nini walishawahi kumkwamisha. Kiangazi cha Januari mpaka masika yaanze majani yanakauka na maziwa yanapungua, hiyo inajulikana. Lakini mara mbili mfugaji alihama tu, waja leo waondoka leo kama tunavyosema wenyewe Tanga, akaenda kwa mnunuzi mwingine. Bei ya yule mwingine ilikuwa pungufu shilingi 50! Kilichomhamisha ni kwamba mama alikuwa analipa mwisho wa mwezi na yule analipa kila Ijumaa, na mfugaji pumba ananunua kila wiki. Kwa hiyo kinga ya pili kwenye andiko ilikuwa kulipa kila Jumamosi, na sehemu ya mtaji wa mkopo, 1,200,000 inayotosha wiki nzima ya maziwa, ikatengwa kwa kazi hiyo tu.

Supplaya kushindwa sio kutoleta peke yake, na hii naona maandiko mengi yanairuka. Maziwa yanaweza kufika saa moja kamili, meupe, mazuri, na yakakuangusha. Ya maji unayakamata na laktomita, ikisoma chini ya 28 kuna mkono wa mtu humo. Yaliyoanza kuchacha unayakamata kwa kuchanganya kidogo na spiriti ya asilimia 70 kiasi sawa kwa sawa, yakikatika mabonge usiyapashe. Yanayotisha ni ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa ya kuua bakteria, mara nyingi ya ugonjwa wa kiwele. Hayana harufu, hayana rangi, laktomita haisemi kitu, na kuchemsha hakuondoi dawa. Unaweka kimea, dawa inaua kimea, masaa sita baadaye una lita 150 za maziwa ya uvuguvugu. Na keni moja ya lita 20 ikiwa nayo inaweza kuharibu pipa zima ukishachanganya.

Mama yogati ilimtokea mwaka uliopita, akalaumu kimea, akabadilisha pakiti, siku ya pili tena hola. Sasa hivi kila mfugaji ana kikombe chake. Kabla hajachanganya anachota robo lita kwa kila keni, anaipasha na kuipoza pembeni, anaweka kijiko cha yogati ya jana na kuibandika jina. Kikombe kimoja kikigoma wakati vingine vimeganda, mwenye keni anajulikana siku hiyo hiyo hata kama kundi limeshapotea. Kuzuia kwenyewe ni kwa mapatano: mfugaji akitoa taarifa kwamba ng'ombe amechomwa, maziwa ya siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa hayaletwi, na mama anamlipa robo ya bei kwa kusema ukweli. Ng'ombe mmoja wa lita 10 kwa siku tatu ni 9,750. Mfugaji mmoja alimuuliza kwa mshangao, "Mama, unanilipa nisilete?" Ndio, kwa sababu akificha ni 417,000.

Tulipomaliza hizo tatu nikamwambia tuzisome pamoja, maana ukizitenganisha zinakudanganya. Ukitaka kuona, fungua friza lake na utoe pakiti ya kimea, kitu chepesi kama pakiti ya majani ya chai. Imenunuliwa kwa dola. Wakala wake ni mmoja, yuko Dar, akiishiwa kaishiwa. Ili kujikinga na yote mawili tuliandika aweke akiba ya wiki sita, siku 36 mara 18,000 ni 648,000. Na hiyo akiba inatakiwa ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, yaani kinga ya dola na ya supplaya tumeikabidhi kwa umeme, mikononi mwa ile hatari ya tatu. Kimea kikavu hakifi kwa usiku mmoja wa joto, ila kinapungua nguvu, na utajua pale yogati iliyokuwa inaganda kwa masaa matano inapoanza kuchukua saba. Dawa tuliyopata ni kwamba pakiti zinakaa kwenye kopo la plastiki katikati ya friza limezungukwa na chupa nane za ziada, zimefungwa uzi mwekundu shingoni, ambazo hazitoki hata kundi likiwa linaharibika. Na kwa wakala akikwama kabisa, yogati ya jana isiyo na sukari inaweza kuwa kimea cha leo, vijiko viwili vikubwa kwa lita, lakini mara tatu nne tu, kwa sababu ndani yake kuna bakteria wa aina mbili wanaosaidiana na kila ukirudia mmoja anamzidi mwenzake, ladha inahama.

Sehemu ya hatari ikawa ukurasa mmoja na nusu. Mstari wa umeme, kwa mfano, ulisomeka hivi: "Kwa siku 61 umeme ulikatika mara 14, mara tano ukizidi masaa mawili. Hatari ni kati ya saa 9 alasiri na saa 3 usiku, hasara ni 417,000 kwa kundi. Kwanza chupa 50 za barafu, zipo tayari. Zikiwa zimetumika, jenereta la wati 2,500 lililomo kwenye bajeti, petroli 18,000 kwa siku. Likitokea la zaidi ya masaa 12, kundi la kesho yake halipikwi na tunapoteza 128,000 za siku hiyo."

Akaurudisha kwa afisa. Yule kaka alisoma akiwa ameshika kalamu yake ile ile nyekundu, akafika kwenye kimea, akasimama.

"Mama, hizi chupa nane za uzi mwekundu, nani anazilinda? Mimi nina watoto nyumbani, chupa ya barafu haimalizi siku."

Mama yogati akacheka mpaka akashika meza, kwa sababu mwanae, yule yule wa kuandika LUKU, alishazitoa mbili wiki iliyopita kwenda nazo mpirani Tangamano. Wakaongeza kufuli la friza, shilingi 6,000, kwenye bajeti.